Karatasi ya Ofisi Haikai Nyumbani

Mabruki Lukumani alikuwa mtu wa mtaa wa Gongoni, na kazi yake ilikuwa kujua mambo ya watu na kunyamaza. Gongoni wapo wengi waliojua mambo ya watu, lakini wa kunyamaza alikuwa yeye peke yake, na yeye ndiye aliyelipwa mshahara kwa hilo. Alikuwa karani wa masijala, yaani chumba cha mafaili, katika Shirika la Nta na Asali la Magharibi, hapa Tabora. Nani aliwahi kukatwa mshahara, nani kaandikwa na mkubwa wake kwamba ni mvivu, nani kaandikisha watoto wa wake wawili ilhali ofisini anajulikana ana mke mmoja: yote yalikaa nyuma ya mlango wake wa chuma, na ufunguo ulining'inia kwenye kamba shingoni mwake, chini ya kanzu siku ya Ijumaa na chini ya shati siku nyingine.

Mimi ni Josepha. Nilikuwa mpiga chapa wa Shirika hilo, na meza yangu ilikuwa nje ya dirisha dogo la masijala, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Nilimpenda mzee yule na alinichosha. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja, muulizeni mtu yeyote mwenye baba mkali.

Ukali wake wote ulitoka katika Mwongozo. Mwongozo ulikuwa kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, kilichosema faili la mtumishi litunzweje. Barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, cheti cha kuzaliwa na majina ya warithi vikae muda wote wa utumishi na miaka mingi baada yake, kwa sababu mtu akistaafu au akifa ndipo hasa vinapotafutwa. Fomu za likizo na karatasi za daktari zikae muda mfupi, kisha ziondolewe. Onyo la maandishi likae mpaka mtumishi amalize kipindi kilichowekwa bila kosa jingine, kisha litolewe na kuchomwa mbele yake, na mahali pake paandikwe kwamba karatasi imeondolewa kwa kanuni, bila kutaja ilisema nini. Kuona faili ni kwa Meneja, Afisa Utumishi, na mkuu wa idara mwenye sababu ya kikazi, tena kwa kusaini. Mwenyewe mtumishi taarifa zake za siri hazisomi. Na mtunza mafaili faili lake mwenyewe haligusi kabisa; linakaa kwa Meneja, kwenye kabati lake.

Kanuni nzuri. Nasema kweli, hata leo sioni kosa ndani yake. Ila Mabruki hakuridhika nazo, akaongeza moja ya kwake ambayo Mwongozo haukuwa nayo: karatasi ya ofisi haikai nyumbani. Ukipewa barua ya kupandishwa cheo, isome, furahi, kisha mrudishie aiweke failini ikae salama. "Nyumbani kuna panya," alikuwa akisema. "Kuna mchwa, kuna watoto, kuna shemeji." Na watu tulimtii. Nani angebishana na mtu anayejua umri wako halisi?

Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutii. Mkewe, Bi Kuluthumu, aliniambia siku moja nilipokwenda kumpa pole ya msiba kwamba mumewe alipeleka hata cheti chao cha ndoa ofisini. "Nikimwambia nataka kukiona, Josepha, ananiuliza sababu ya kikazi," alisema, na hakuwa anacheka.

Mtu mmoja tu hakumtii, naye ni Raymundi, dereva wa lori, mtu wa Ipole. Raymundi alikuwa na kopo la bati, lile la biskuti lenye picha ya farasi iliyochakaa, na ndani yake aliweka kila karatasi aliyowahi kupewa tangu apate leseni. Mwaka 1962, kabla Shirika halijaundwa wala mimi sijaajiriwa, ofisi ikiwa bado ni ile ya nta ya serikali na mkuu wake bado Mzungu, Mabruki aligundua habari ya kopo akampeleka Raymundi kwa mkubwa. Mle koponi mlikuwa na vitabu vya safari vya lori, ambavyo kweli vilikuwa mali ya ofisi. Raymundi badala ya kuomba radhi akaja juu. Akasema yeye haamrishwi na karani wa juzi juzi, kibarua tu aliyeokotwa stesheni. Akapewa onyo la maandishi, na tangu siku ile wawili hao wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali.

Onyo lile lingepaswa kutoka failini zamani. Lakini kila kipindi kilipokaribia kwisha, Raymundi alitenda jipya na hesabu ikaanza upya. Mara kabeba mbuzi kutoka Igunga ndani ya lori la Shirika, chini ya magunia, na mbuzi akalia mbele ya Meneja. Mara kachelewa safari kwa sababu ya ngoma ya harusi isiyomhusu. Faili lake lilinona mpaka Mabruki akalifungia kamba mbili.

Sasa nifike kwenye moshi.

Mwaka 1972, mwaka wa Madaraka Mikoani, watumishi wa nchi nzima walihamishwa kama karata. Meneja wetu, Ndugu Wenceslaus, alipata uhamisho wa Mtwara na akatakiwa aripoti upesi. Akasafisha kabati lake haraka haraka. Katika droo ya chini kulikuwa na nyaraka za siri za zamani ambazo muda wake ulikwisha na makao makuu walikwisha kuidhinisha zichomwe. Akazifunga furushi moja kwa karatasi ya kaki, akalipiga lakiri, akaandika juu: SIRI. ISIFUNGULIWE. Kisha akalituma masijala likangoje siku ya kuchoma, akapanda treni.

Lakiri yenyewe ilikuwa nta yetu wenyewe iliyotiwa rangi, maana ya dukani iliadimika. Nakumbuka ilivyonukia asali.

Siku ya kuchoma tulikusanyika nyuma ya ofisi, penye pipa lililotobolewa matundu. Kamati ilikuwa ya watu watatu: Ndugu Modest, Afisa Utumishi, kijana mwungwana aliyetoka chuoni karibuni, Mabruki, mtunza mafaili, na mimi wa kuandika. Kanuni inasema kabla kitu hakijaingia motoni kilinganishwe na orodha. Tukalinganisha fomu za likizo, sawa. Karatasi za mishahara za kila mwezi za miaka ya nyuma, sawa, zikaingia. Tukafika kwenye furushi la Meneja.

"Hili nalo tulifungue tulinganishe," akasema Modest.

Mabruki akaliwekea mkono juu. "Limeandikwa lisifunguliwe."

"Lakini orodha, Mzee Mabruki."

"Orodha ya siri anayo Meneja, na Meneja yuko njiani kwenda Mtwara. Wewe umepewa idhini ya kusoma siri za Meneja? Mimi sikupewa. Josepha naye je?"

Nikasema, kwa sauti ndogo maana nilikuwa mgeni wa kazi, kwamba labda tungemngoja Meneja mpya alifungue yeye. Mabruki alinigeukia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Mwanangu," akasema, "babu yangu alibeba mizigo ya watu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Mguu kwa mguu. Pembe, vitambaa, sijui nini. Hakufungua mzigo hata mmoja. Ndiyo maana akaitwa tena, na tena, mpaka akajenga hapa Tabora. Mzigo uliofungwa haufunguliwi na mpagazi."

Ni maneno mazuri. Modest akaikunja orodha. Mabruki akalishika furushi kwa mikono miwili, akalitia kwenye pipa yeye mwenyewe, akasimama pale mpaka likawa majivu, kisha akayakoroga majivu kwa mti, kama kanuni inavyotaka, ili pasibaki kipande cha kusomeka. Nikapiga chapa cheti cha uteketezaji. Tukasaini wote. Na cheti cha uteketezaji, kama hujui, ndiyo karatasi moja ambayo haichomwi milele.

Miaka ikapita. Ikaja 1976, na Mabruki akakaribia umri wa kustaafu. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa akisogeza karatasi mpaka puani. Alizungumza habari ya pensheni yake bila tamaa, kama mtu anayezungumzia mvua ya msimu, jambo ambalo litakuja kwa kuwa wakati wake umefika. Ndugu Modest akaenda kwenye kabati la Meneja kutoa faili lake ili aandae makaratasi.

Halikuwamo.

Wakatafuta masijala nzima, Mabruki akiwa nje ya mlango kwa sababu kanuni haimruhusu kulitafuta faili lake. Alisimama pale kwenye korido akiwaelekeza kwa sauti: kabati la tatu, rafu ya chini, sogezeni hayo. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Modest akamwandikia Ndugu Wenceslaus huko Mtwara, na jibu likaja, la adabu, fupi. Faili la Ndugu Mabruki Lukumani alilitunza katika droo ya chini, pamoja na nyaraka za siri za zamani. Wakati wa kuondoka alifunga kila kilichokuwamo katika droo hiyo. Anatumaini tulilinganisha furushi na orodha kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Modest alimsomea barua ile mezani kwangu. Mabruki akaomba aonyeshwe cheti cha uteketezaji. Nikakitoa. Akakisogeza puani, akakisoma chote, akafika kwenye sahihi yake mwenyewe, ile yenye mkia mrefu aliyojivunia.

"Kimejazwa vizuri," akasema, akakirudisha.

Hapo ndipo nilipojua kwamba amevunjika. Mtu mzima akipatwa na jambo la kupigia kelele akayasifia tu makaratasi, mwogopee.

Makao makuu wakajibu kwa namna yao. Kwa kuwa hakuna ushahidi wa maandishi wa tarehe ya kuajiriwa, utumishi wa Ndugu Lukumani uhesabiwe tangu Shirika lilipoundwa. Miaka yote ya nyuma, tangu akiwa kijana wa kupangusa vumbi kwenye makabati ya Mzungu, ilifutika. Angestaafu kama mtu wa juzi juzi. Tuliandika kwamba wapo wenzake walio tayari kula kiapo. Wakasema viapo vya marafiki havitoshi, waletewe waraka ulioandikwa wakati ule. Karatasi za mishahara za wakati ule? Alizichoma mwenyewe, kwa muda wake, kwa idhini. Ofisi ya zamani? Ilivunjwa. Barua yake ya kuajiriwa, labda nyumbani? Modest aliuliza swali hilo mara moja tu, akajuta.

Bi Kuluthumu alikuja ofisini siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama dirishani akamwambia mumewe, mbele yangu, "Baba Mwanajuma, nyumbani panya hawajala hata karatasi moja. Hawakupata nafasi." Kisha akaenda zake sokoni.

Katika wiki hizo hizo Raymundi akaja na neno lake. Nafasi ya msimamizi wa madereva ilikuwa wazi, baraza la kupandisha vyeo lilikuwa linakaribia kukaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Raymundi alikuwa amemaliza kipindi kizima bila kosa. Hakuna mbuzi, hakuna harusi. Alidai haki yake: maonyo yake yote yatolewe failini yachomwe, baraza lisiyakute. Modest akaangalia tarehe, akaona ni kweli, akaidhinisha kwa maandishi. Kazi ya kuyatoa ilikuwa ya Mabruki.

Alilifungua lile faili nene mezani kwake, mimi nikiwa na taipureta tayari kuandika zile kumbukumbu za kuondoa, Raymundi kasimama mlangoni kwa sababu sheria inataka awepo na haimruhusu aingie. Onyo la mbuzi likatoka. La harusi likatoka. Mwishoni, chini kabisa, likafika la 1962. Kanuni inataka mtunza mafaili asome mstari wa kwanza na tarehe, ahakikishe ndilo. Mabruki akasogeza karatasi puani. Akasoma mstari wa kwanza. Halafu macho yake yakaendelea kushuka.

Nilikuwa simjui mtu yule kusoma zaidi ya anavyoruhusiwa. Nilimwona anashuka mpaka katikati ya karatasi, pale akasimama.

"Ndugu Modest," akaita, na Modest akaja kutoka chumba cha pili. "Nauliza jambo la kanuni. Karatasi ya faili la mtumishi mmoja, je, karani aliyeiona katika kazi yake anaweza kuitaja kwa manufaa ya mtumishi mwingine?"

"Mzee," Modest akacheka, "wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hawezi. Ulisema karani akishaanza kuyatumia anayoyaona, bora mafaili yakauzwe sokoni."

"Nilisema hivyo?"

"Mara nyingi."

"Na manufaa yakiwa ya karani mwenyewe, ndiyo mbaya zaidi."

"Ndiyo mbaya zaidi. Kwani kuna nini?"

Mabruki akamtazama Modest, akamtazama Raymundi pale mlangoni, ambaye alikuwa akichungulia kwa wasiwasi kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

"Hakuna kitu," akasema. "Tarehe ni sawa."

Tukaenda nyuma kwenye pipa. Akaziwasha karatasi zile moja moja, na ile ya 1962 aliishika mpaka moto ukamfikia vidoleni ndipo akaiachia. Raymundi akauliza, "Sasa imekwisha kabisa?" Mabruki akamjibu, "Imekwisha. Haikuwahi kuwapo." Akakoroga majivu. Akasaini. Kisha akaenda nyumbani kabla ya saa za kazi kwisha, na huyo ni mtu aliyekuja kazini siku aliyomzika mamaye, baada ya mazishi.

Nitasema ninalofikiri, maana sasa hakuna wa kunipa onyo. Nilikasirika sana nilipokuja kujua. Angesema neno moja tu. Modest angenakili ile sehemu iliyohitajika, akaigonga muhuri, akamwomba Raymundi ridhaa, basi. Njia ilikuwapo, tena ya halali. Lakini ili njia ifunguke ilimbidi Mabruki akiri kwamba amesoma siri ya mtu akaona faida yake ndani, na hilo kwake lilikuwa sawa na mpagazi kufungua mzigo porini. Wengine huuita uaminifu. Mimi siku zile niliuita kiburi kilichovaa kofia, na sijui kama nimebadili mawazo.

Siku ya Jumatatu Raymundi alikuja mezani kwangu na kopo la biskuti chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mzee Mabruki," akaamkia dirishani, jambo lililotushangaza wote.

"Marahaba."

"Nimesikia kule gereji kwamba makao makuu hawajui wewe uliajiriwa lini."

"Hayo ni mambo ya siri ya mtumishi."

"Yako kila kijiwe, Mzee. Hata wauza kahawa wanayajua." Akaweka kopo juu ya meza yangu, akafungua. "Mimi najua uliajiriwa lini. Niliandikiwa."

Akatoa barua. Ndiyo, ile ile. Ile tuliyoichoma ilikuwa nakala ya kaboni, kwa kuwa barua ya onyo mwenyewe hupewa ile halisi na faili likabaki na nakala. Na barua aliyoandikiwa mtu ni yake, ana haki nayo, Mwongozo haukusema vingine. Aliyesema vingine ni Mabruki peke yake. Watu wote Shirikani walikuwa wamemrudishia barua zao azitunze. Raymundi alikuwa ameonywa kwa kuweka karatasi nyumbani, akalichukua onyo lenyewe akaenda kuliweka nyumbani.

Nikaisoma kwa sauti kwa idhini yake. Kwanza ilimkemea kwa habari ya vitabu vya safari. Kisha ikaendelea: "Aidha, umemtolea lugha chafu karani wa masijala kwa kumwita kibarua wa juzi juzi. Ujue kwamba Mabruki Lukumani ni mtumishi wa kudumu wa ofisi hii tangu tarehe mosi Machi 1949, na hajapata kukosa." Chini yake sahihi ya Mzungu na muhuri wa ofisi.

"Nilikutukana vizuri," Raymundi akasema. "Nisingekutukana asingeandika."

Mabruki alikuwa ameshika nondo za dirisha. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, na hakusema nyumbani kuna panya.

Modest alikuwa mwungwana. Akataka kupeleka dondoo tu, ile sehemu ya pili, ya kwanza ifunikwe, kwa sababu onyo lenyewe limekwisha kufutwa kisheria na baraza halipaswi kulijua. Akapeleka. Makao makuu wakarudisha: dondoo halipokelewi, waletewe barua nzima. Modest akamwita Raymundi akamweleza wazi kwamba akiitoa nzima, watakaoisoma huko ndio hao hao watakaokaa kwenye baraza.

"Mtakaa nayo muda gani?" Raymundi akauliza.

Modest akakuna kichwa. "Ikiingia kwenye faili la mzee, ndiyo uthibitisho wa kuajiriwa kwake. Inakaa mpaka afe, na miaka mingi baadaye."

"Yaani yangu mnaichoma, halafu mnaizaa upya kwa mwenzangu."

"Ndivyo kanuni inavyokuwa."

Raymundi akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, "Peleka."

Basi faili jipya la Mabruki Lukumani likafunguliwa, na karatasi yake ya kwanza ni onyo kali kwa dereva anayeweka karatasi nyumbani. Miaka yake ikarudi, yote. Na baraza la kupandisha vyeo likakaa, likamwona Raymundi anafaa ila ana historia isiyoridhisha katika utunzaji wa nyaraka, likampa nafasi mtu mwingine. Nililipiga chapa jibu hilo kwa mikono yangu, nikigonga herufi kama ninayetwanga.

Siku ya mwisho ya kazi tulimnunulia Mabruki soda na maandazi. Modest akamkabidhi barua ya kustaafu, ile halisi, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, akamsihi mbele yetu: "Mzee, hii ni yako. Tafadhali, nenda nayo nyumbani."

Mabruki akaipokea. Akaisogeza puani, akaisoma taratibu. Akaikunja. Akavua ule ufunguo shingoni, akaulaza mezani kwangu. Kisha akatoka mpaka uani, alipokuwa Raymundi amelala chini ya lori miguu nje, akachuchumaa kwa shida, na mimi nilikuwa dirishani nikasikia.

"Raymundi."

"Naam, Mzee."

"Una nafasi ndani ya lile kopo?"

Spana ikawekwa kando chini ya lori. Halafu mkono mweusi wa grisi ukatoka, ukajipangusa kwenye suruali mara mbili, upande huu na upande ule, ukaipokea barua.